Jua Likae Wapi?
Jinsi ya kuiagiza akili unde picha ya bidhaa yenye mwanga wa machweo unaoaminika

Kuna aina ya picha ya tangazo ambayo siku hizi imejaa kwenye simu zetu. Chupa ya asali imewekwa juu ya meza, nyuma yake kuna miti na jua kubwa la rangi ya chungwa linalokaribia kuzama, na kila kitu kimepakwa dhahabu. Ukiipitia haraka inapendeza. Ukirudi kuitazama unagundua kwamba jua liko nyuma ya chupa, lakini lebo iliyo mbele inang'aa kana kwamba imemulikwa na taa. Kivuli cha chupa kimelala kulia, cha kijiko kilicho pembeni yake kimelala kushoto. Mnunuzi asiyejua lolote kuhusu upigaji picha hataweza kutaja kosa lilipo, lakini atahisi kwamba chupa hiyo haijawahi kukaa juani.

Picha za namna hii hutengenezwa na programu za akili unde kama Midjourney, ChatGPT, Gemini na Firefly, na mara nyingi huzaliwa na agizo fupi kama hili:

```
honey jar, outdoors, golden hour, product photo
```

Nimeliandika kwa Kiingereza kwa sababu programu nyingi zilifundishwa kwa picha zenye maelezo ya Kiingereza. Baadhi zinaelewa Kiswahili, ila kwa istilahi za mwanga Kiingereza bado huleta majibu yaliyo karibu zaidi na ulichokusudia. Shida ya agizo hili haiko kwenye lugha. Limetaja wakati wa siku na kunyamaza kuhusu mahali lilipo jua. Programu nayo haikokotoi safari ya mwanga kutoka juani hadi mezani. Inachora kinachofanana na mamilioni ya picha ilizofundishwa, na katika picha hizo maneno "golden hour" yameandikwa kwenye picha za jua la mbele, la nyuma, la ubavuni, na hata zile zilizotiwa rangi tu baada ya kupigwa. Usipochagua mwenyewe, itachanganya.

Kwa hiyo anayeagiza anapaswa kumaliza maamuzi matatu kabla hajaandika neno: jua liko upande gani, liko juu kiasi gani, na rangi ya dhahabu iishie wapi. Tutayapitia kwa kutumia bidhaa moja, chupa ya kioo ya asali ya Tabora, gramu 500, yenye urefu wa sentimita 12 hivi na lebo nyeupe ya karatasi. Asali ni bidhaa nzuri ya kujifunzia kwa sababu mwanga hupita ndani yake, na kosa la mwanga halijifichi.

Upande wa jua

Chukulia meza ni uso wa saa ya ukutani uliolazwa, na chupa imesimama katikati. Kamera iko kwenye namba 6. Namba 12 ni upande wa mbali, 9 ni kushoto, 3 ni kulia. Sasa jua unaweza kuliweka kwenye namba yoyote, na kivuli kitalala kwenye namba inayotazamana nayo: jua likiwa 9 kivuli kinakwenda 3, likiwa 10 kinakwenda 4, likiwa 1 kinakwenda 7. Hakuna njia nyingine.

Jua la namba 6 liko mgongoni mwa mpiga picha. Linaonyesha rangi za bidhaa vizuri na maandishi yote yanasomeka, lakini kivuli kinajificha nyuma ya bidhaa na picha inakuwa bapa. Jua la 9 au la 3 linapita ubavuni, likigusa kila mwinuko na kuacha giza kwenye kila bonde. Hilo ndilo jua la vikapu vya ukili, mikeka, viatu vya ngozi na vinyago, vitu ambavyo thamani yake iko kwenye mikunjo na mishono. Jua la 12 liko nyuma kabisa. Linachora mstari wa mwanga kuzunguka umbo, lakini sehemu inayomtazama mnunuzi inabaki gizani.

Asali inataka jua la namba 10 au 2, yaani nyuma na kidogo pembeni. Mwanga unaingia kwenye chupa kutoka nyuma, unapita kwenye asali na kutoka ukiwa na rangi ya kaharabu. Vilevile mafuta ya alizeti, juisi, sabuni zinazopitisha mwanga na vitambaa vyepesi kama shifoni hupendeza kwa jua la namna hii.

Programu lakini haizijui namba zetu za saa. Hizo ni za kukusaidia wewe kufikiri. Unapoandika, zigeuze ziwe pande za picha kama mtazamaji anavyoziona, na usiandike "kushoto" peke yake, maana kushoto kwa chupa inayotutazama ni kulia kwetu. Usiandike mashariki wala magharibi pia, kwa kuwa programu haijui kamera imeelekea wapi. Kisha taja mambo mawili kwa pamoja, jua lilipo na kivuli kinakoangukia:

```
low sun behind the jar, from the upper left of the frame;
the jar's shadow falls toward the lower right, toward the camera
```

Mstari wa pili unaonekana kama marudio, lakini ndio unaofanya kazi kubwa zaidi. Programu inajua kuchora vitu vinavyoonekana kuliko inavyojua kufuata sababu. Jua lililo nje ya fremu halionekani, kivuli kinaonekana. Ukikieleza kivuli, umeieleza picha yenyewe. Kabla ya kutuma, hakikisha maelezo yako mawili yanatazamana kwenye uso wa saa. Ukisema jua liko nyuma kushoto halafu kivuli kiende nyuma kulia, umeagiza kitu kisichowezekana, na utapewa hivyohivyo bila kuulizwa.

Urefu wa kivuli

Jua likiwa nyuzi 45 juu ya upeo wa macho, kivuli kina urefu sawa na kitu chenyewe. Likishuka hadi nyuzi 15, kivuli cha chupa yetu ya sentimita 12 kinafika kama sentimita 45. Kwa nyuzi 10 kinafika sentimita 68, na kwa nyuzi 6 kinapita mita moja. Wapiga picha wengi huhesabu saa ya dhahabu kuanzia pale jua linapokuwa nyuzi 6 hivi kabla ya kuzama, ingawa rangi ya joto huanza kuonekana mapema kidogo.

Kwetu saa hiyo ni fupi kuliko jina lake. Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, nyuzi moja kwa kila dakika nne. Kutoka nyuzi 6 hadi kuzama, pale Tabora, ni dakika kama 25. London mwezi Juni, ambako jua hushuka kwa mshazari, safari hiyohiyo huchukua dakika kama 50. Ndiyo maana muuzaji mwenye chupa ishirini za kupiga picha anaishia kuikimbilia akili unde: jua halimsubiri.

Kwenye agizo, nyuzi hazina faida kubwa. Ukiandika kwamba jua liko nyuzi 10 juu ya upeo wa macho, programu haina kipimapembe, na inaweza kuchora jua zuri la chini lenye kivuli kifupi cha saa nane mchana. Hilo ni kosa linaloonekana mara nyingi katika picha hizi: rangi ni ya jioni, kivuli ni cha mchana. Eleza kivuli kwa kukilinganisha na chupa, halafu kipe mahali pa kufika. Weka kitu mezani, kijiko cha mbao kwa mfano, na useme kivuli kikipite:

```
long shadow, about four times the height of the jar,
crossing the wooden spoon and reaching the edge of the table
```

Programu haitapima mara nne kamili. Lakini ukingo wa meza na kijiko inaviona, na kivuli chenye mahali pa kufika hutokea kirefu kuliko kivuli kilichoambiwa tu kiwe kirefu. Nimechagua mara nne kwa sababu kwa chupa yetu ni nusu mita hivi, na hiyo inaingia kwenye fremu ya meza ya kawaida. Mara tisa ndiyo machweo halisi, ila kivuli kingetoka nje ya picha na mtazamaji asingeona kinakoishia.

Kivuli cha jua kina tabia nyingine ya kuzingatia. Kwa kuwa jua tunaliona kama duara lenye upana wa nusu nyuzi hivi, kingo za kivuli ni kali pale kitu kinapogusa meza na hulainika kadiri kivuli kinavyokwenda mbali. Mwanga ukisafiri mita moja kutoka kwenye kitu hadi kivuli kinapoangukia, ukingo unakuwa na ukungu wa kama milimita tisa. Kwa hiyo kwenye kitako cha chupa pawe na mstari mkali na mweusi kidogo, na kivuli cha mfuniko, kule mwisho, kiwe laini kwa kiasi kidogo tu. Kivuli kilicholainika chote kama wingu ni cha siku ya mawingu. Kivuli kikali mwanzo hadi mwisho kinafanana na karatasi nyeusi iliyobandikwa.

Dhahabu iishie wapi

Jioni mwanga wa jua hupita kwenye tabaka refu zaidi la hewa kabla ya kutufikia. Hewa hutawanya zaidi mwanga wa bluu na zambarau, na unaobaki kuja moja kwa moja una njano na nyekundu kwa wingi. Hapo ndipo dhahabu inapotoka. Bluu iliyotawanywa lakini haikupotea, iko angani juu ya meza yetu, na ndiyo inayomulika mahali ambapo jua halifiki, yaani vivulini.

Hili ndilo jambo ambalo maagizo mengi hulisahau. Katika mwanga halisi wa machweo, upande uliopigwa na jua ni wa dhahabu, na kivuli kina ubaridi kidogo, wakati mwingine bluu ya waziwazi. Tofauti hiyo ndiyo inayoifanya dhahabu ionekane dhahabu. Ukiandika "warm tones" na kuacha hapo, programu inaweza kuipaka picha nzima rangi ya chai, vivuli pamoja, lebo nyeupe pamoja. Matokeo yake hayafanani na machweo, yanafanana na picha ya zamani iliyoliwa na jua. Eleza kila upande rangi yake:

```
warm golden light only where the sun hits;
shadows neutral to slightly cool, lit by open blue sky;
the paper label stays white
```

Wapo wanaoandika vipimo vya rangi ya mwanga kwa kelvini, 3200K kwa mfano. Vipimo hivyo ni vya kweli, maana jua la chini kabisa huwa karibu na hapo na la mchana huwa kwenye 5500K. Lakini kwenye kamera, ukiiweka 3200K huku uko juani, picha inageuka bluu, na kwa hiyo namba hiyohiyo imeambatana na picha za joto na za baridi. Maneno ya kawaida hayana utata huo.

Kupima kama umefanikiwa si lazima kutegemea macho, ambayo huzoea rangi haraka. Fungua picha kwenye programu yoyote ya kuhariri yenye kidole cha kuchukua rangi. Gusa sehemu ya meza iliyopigwa na jua: namba ya nyekundu inapaswa kuizidi ya bluu kwa mbali. Gusa meza hiyohiyo ndani ya kivuli: namba hizo mbili zikaribiane, au bluu izidi kidogo. Kipimo hiki kinahitaji meza isiyo na rangi yake yenyewe, na ndiyo sababu kwenye agizo letu chupa itakaa juu ya jiwe la kijivu badala ya mbao. Mbao za kahawia zitakupa nyekundu nyingi hata kivulini.

Chupa yetu, hatua kwa hatua

Usiiache programu iibuni chupa. Itakupa chupa nzuri isiyo yako, yenye lebo ya maandishi yasiyosomeka. Anza na picha halisi uliyoipiga kwa simu, halafu itumie programu inayohariri picha kwa maelezo, kama Gemini au ChatGPT, kuihamisha chupa hiyo kwenye mandhari mapya.

Picha ya kuanzia ipigwe kivulini, chini ya baraza au upande wa nyumba usiopata jua, mbele ya ukuta usio na mapambo, bila flashi. Sababu ni kwamba kioo hakisahau. Ukipiga kwa flashi, kutakuwa na nukta nyeupe mbele ya chupa. Ukipiga karibu na dirisha, kutakuwa na mstatili mrefu wa mwanga ubavuni. Programu mara nyingi huhifadhi alama hizo, na utakuwa na jua nyuma na dirisha mbele kwenye chupa moja. Piga pia kwa kimo ambacho unataka picha ya mwisho iwe nacho. Chupa iliyopigwa kutoka juu haitakaa sawa kwenye meza inayoonekana kutoka usawa wa macho.

Sasa agizo lenyewe. Sehemu ya kwanza inalinda bidhaa, ya pili inaweka mahali, na zinazofuata ni zile tulizokwisha kuzijenga:

```
Keep the jar, lid and label exactly as in the photo.
Place it on a plain grey stone table outdoors,
dry miombo woodland far behind, softly blurred.
Low sun behind the jar, from the upper left of the frame.
Shadow falls toward the lower right, four times the jar's height,
crossing a wooden spoon and reaching the table edge.
Sunlight passes through the honey and makes
a bright amber streak inside the shadow.
Golden light only where the sun hits; shadows slightly cool.
A white card at the front right softly lights the label.
```

Mistari miwili inahitaji maelezo. Ule wa mwali wa kaharabu unatokana na umbo la chupa: duara lililojaa asali hufanya kazi ya lenzi, hukusanya mwanga na kuumwaga ndani ya kivuli chake. Kivuli cha chupa ya asali kwa hiyo si cheusi chote. Kina mwali wa rangi ya asali katikati, na mwisho wake, palipo na kivuli cha mfuniko, panakuwa na giza kamili kwa sababu mfuniko haupitishi mwanga. Picha yenye mwali huo inaaminika mara moja, na isiyo nao inaonekana kama chupa imejazwa rangi. Isipokuwa asali yako iwe imeganda. Asali iliyoganda hutawanya mwanga badala ya kuukusanya, kingo zake zitang'aa kidogo tu, na mstari huo uufute.

Ule wa kadi nyeupe unatatua tatizo la lebo. Jua likiwa nyuma, lebo iko kivulini. Mpiga picha wa kweli angeweka karatasi nyeupe karibu na kamera, upande unaokabili jua, ili mwanga urudi na kuigusa lebo taratibu. Usipoieleza programu mwanga wa lebo unatoka wapi, mara nyingi itaimulika kama taa imewashwa mbele, na tunarudi kwenye kosa la mwanzo. Kadi yenyewe isionekane kwenye picha. Ikionekana, ongeza kwamba iko nje ya fremu.

Jibu la kwanza ni nadra kuwa la mwisho. Linapokuja, usiandike agizo jipya lote, kwa kuwa kila agizo jipya huleta meza mpya, miti mipya na makosa mapya. Rekebisha kitu kimoja. Tuseme kila kitu kiko sawa ila kivuli kimetoka kifupi:

```
Keep everything the same. Only lengthen the jar's shadow
so it reaches the lower right corner of the table.
```

Na unapotaka kitu kisiwepo, eleza kinachopaswa kuwa mahali pake. Ukiandika pasiwe na duara za mwanga kwenye lenzi, kulitaja jambo hilo kunaweza kuliita. Kusema kwamba jua liko nje ya fremu na anga ni safi huleta unachotaka bila kulitaja. Midjourney ina namna yake ya kukataza kitu, `--no`, na ina pia `--style raw`, ambayo hupunguza mapambo ambayo programu huyaongeza kwa hiari yake, rangi ya dhahabu iliyozidi ikiwa mojawapo.

Kukagua kabla ya kutuma

Njia bora ya kukagua kivuli inatoka kwa wataalamu wa kubaini picha bandia, akiwemo Hany Farid wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambaye na wenzake walichapisha mwaka 2013 utafiti kuhusu vivuli visivyopatana. Msingi wake unafaa kwa rula na kioo cha simu. Chagua nukta kwenye kitu, mfano ukingo wa mfuniko, na nukta inayolingana nayo kwenye kivuli. Chora mstari kutoka kivulini kupitia ukingo huo na uuendeleze. Fanya hivyo kwa ncha ya kijiko na kivuli chake. Jua likiwa mbele ya kamera, mistari yote inapaswa kukutana mahali pamoja, pale lilipo jua, hata kama ni nje ya fremu. Isipokutana, picha ina majua mawili.

Kanuni hiyo inasahihisha pia dhana moja iliyozoeleka, kwamba vivuli vya jua lazima viwe sambamba kwenye picha. Ardhini viko sambamba. Kwenye picha yenye jua la nyuma, huonekana vikitawanyika kuelekea kwa mtazamaji, kama reli inavyopanuka kutoka mbali kuja karibu. Chupa tatu zilizopangwa mbele ya jua la nyuma zikiwa na vivuli vilivyo sambamba kabisa, hizo ndizo za kutilia shaka.

Baada ya kivuli, tazama kioo. Nje, chupa huakisi anga, meza na nukta moja kali ya jua kwenye ukingo ulio upande wake. Ukiona mistatili mirefu meupe pande zote mbili, programu imekuchorea chupa ya studio, kwa kuwa picha nyingi za chupa ilizojifunzia zilipigwa kati ya taa za masanduku. Mwambie mhariri huyo wa mashine aondoe miakisi hiyo na kuacha anga peke yake.

Halafu tazama jiografia. Mtu wa Dar es Salaam, Mombasa au Paje anajua kwamba mbele yake bahari iko mashariki. Jua linalogusa maji ya Bahari ya Hindi pale ni la asubuhi. Tangazo la "jioni tulivu ufukweni Diani" lenye jua linalozama baharini litachekwa na kila mkazi wa Kwale. Forodhani, Unguja, ambako pwani inatazama magharibi, hapo sawa. Kwa asali ya Tabora bahari haihusiki, lakini mandhari ya nyuma nayo yawe ya miombo, siyo misonobari ya Ulaya ambayo programu hupenda kuipanda mahali popote palipoandikwa msitu.

Kile ambacho agizo haliwezi

Hata ukiandika kwamba lebo ibaki kama ilivyo, ikuze picha na uisome herufi kwa herufi. Uzito, jina la kijiji, nembo ya TBS na msimbopau ndivyo vinavyoharibika kwanza. Mistari ya msimbopau hugeuka michoro, na namba zinazopaswa kuanza na 620 za Tanzania hugeuka alama zisizosomeka. Nembo ya ubora iliyopotoshwa kwenye tangazo ni jambo la hatari kuliko kivuli kilichokosewa. Suluhisho ni kuikata lebo kutoka kwenye picha yako halisi na kuibandika juu ya ile iliyotengenezwa, halafu kuipunguzia mwanga kidogo ilingane na kivuli kilichopo.

Rangi ya asali ina tatizo lake. Wanunuzi huisoma rangi: nyepesi wanaitafsiri hivi, nzito wanaitafsiri vile, na wengi wana wanayoipenda. Jua la nyuma hufanya asali nzito ionekane nyepesi kwa kuwa mwanga unapita ndani yake, na dhahabu iliyomwagika kila mahali hufanya asali nyepesi ionekane nzito. Hakuna agizo litakaloondoa hilo, maana hata jua la kweli hufanya hivyohivyo. Muuzaji makini anaweka picha ya machweo iwe ya kwanza kwenye tangazo, na ya pili iwe ile aliyoipiga barazani, kivulini, kwa simu. Ya kwanza inamsimamisha mpitaji. Ya pili ndiyo atakayoilinganisha na chupa siku mzigo utakapomfikia, na hiyo ndiyo inayoamua kama ataagiza tena.